Mama Hasemi Kama Insha: Juu ya Mazungumzo Katika Michezo ya Kuigiza ya Wanafunzi Wetu

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza mazungumzo mafupi ya mama na mwanawe, yaliyoandikwa na wanafunzi wa kidato cha nne kwa ajili ya mchezo wa kuigiza. Mazungumzo yenyewe hayana kosa hata moja la sarufi. Viambishi vyote vimepatana, tahajia ni safi, na kama yangaliwekwa katika karatasi ya mtihani yangalipata alama nzuri. Hata hivyo mchezo huo ulipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Jinja, watazamaji walicheka mahali palipokusudiwa walie. Mama alikuwa amegundua kwamba fedha za karo zimekwisha, naye akamwuliza mwanawe zilipo. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Vijana walitoka jukwaani wameinamisha vichwa, nasi tuliowafundisha hatukuwa na la kuwaambia jioni ile.

Kazi iliyofuata ilichukua majuma matatu, na mchezo ukaonyeshwa tena mjini Mbale. Tumeona ni vema tuwaeleze walimu wenzetu kazi hiyo hatua kwa hatua, pamoja na mahali tulipokosea, kwa kuwa kosa tulilolikuta si la wanafunzi wale peke yao.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe jinsi yalivyoandikwa. Jamaa ni ya Wagisu waliohamia Jinja kutafuta kazi. Baba ameajiriwa katika kiwanda cha nguo, mama ni mshonaji wa nyumbani, na mtoto wao Mafabi anasoma sekondari.

MAMA: Ewe mwanangu Mafabi, je, ziko wapi zile fedha ambazo nilikukabidhi juma lililopita kwa ajili ya kulipia karo yako ya shule, ambazo nilizipata baada ya kuiuza cherehani yangu?

MAFABI: Mama yangu mpendwa, fedha hizo ulizonikabidhi nimezitumia kwa kumsaidia baba, ambaye alikuwa anadaiwa kodi ya nyumba kwa muda wa miezi mitatu tangu alipoachishwa kazi kiwandani.

MAMA: La hasha! Siwezi kuyaamini maneno yako hayo. Kwa nini hukunijulisha kuhusu jambo hilo kabla ya kulitenda?

MAFABI: Sikukujulisha kwa sababu baba alinikataza, ili usije ukasononeka.

Swali la kwanza la mama lina maneno 27. Msomaji na alisome kwa sauti, tena kwa hasira, kama mtu aliyeuza cherehani yake. Ataona kwamba hasira humwishia kabla hajafika kwenye cherehani, na pumzi pia. Ndiyo maana watazamaji walicheka: mwigizaji alikuwa msichana hodari, lakini sentensi ilimlazimisha akasirike kwa utaratibu, akipita kishazi kwa kishazi kama karani anayesoma orodha.

Tuliporudi darasani, wanafunzi walitambua upesi kwamba maneno yao ni ya kitabu, wakaanza kuyasahihisha kwa njia ambayo kila mwalimu ameiona. Waliyawinda maneno magumu. “Fedha” ikawa “pesa”, “juma” likawa “wiki”, “nilikukabidhi” ikawa “nilikupa”, “karo” ikawa “fizi”, na “ewe mwanangu” likafutwa. Wakatuletea hivi: “Mafabi, ziko wapi zile pesa ambazo nilikupa wiki iliyopita za kulipia fizi yako ya shule, ambazo nilizipata baada ya kuuza cherehani yangu?”

Tulimwomba yule msichana aliseme. Akalisema, na wenzake wakacheka tena. Kila neno katika sentensi hii husikika sokoni na barabarani, lakini sentensi yenyewe haisikiki popote. Hapo ndipo tulipofahamu jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya: ukitabu haumo katika neno gumu. Umo katika sentensi inayojitosheleza, sentensi inayomweleza msikilizaji kila kitu kana kwamba hakuwapo wala hajui lolote. Mafabi anajua kwamba alipewa fedha. Anajua ni za karo, anajua alipewa lini, na alikuwapo cherehani ilipotolewa nje ya nyumba. Mama hana sababu ya kumweleza hata moja katika hayo. Anayeelezwa ni sisi tuliokaa ukumbini, na mara mama anapoanza kusema nasi badala ya kusema na mwanawe, huacha kuwa mama.

Insha hutaka kinyume cha jambo hili. Sisi walimu huwafundisha wanafunzi kwamba sentensi nzuri ya insha ni ile ambayo mtu wa mbali, asiyemjua mwandishi, anaweza kuielewa bila kuuliza swali. Hayo ni mafundisho mema, nayo yanafaa insha. Katika mazungumzo ya watu wanaoishi nyumba moja, sentensi nzuri ni ile ambayo mtu wa mbali hawezi kuielewa mara moja, kwa sababu haikusemwa kwa ajili yake. Mtazamaji wa mchezo huja kama mtu aliyesimama dirishani. Hufurahi kuunganisha mwenyewe vipande anavyovisikia.

Kabla ya kuandika upya, tuliwauliza wanafunzi swali moja. Mafabi anapotamka kwamba baba aliachishwa kazi miezi mitatu iliyopita, je, mama alikuwa analijua jambo hilo, au analisikia kwa mara ya kwanza? Darasa likanyamaza. Kisha nusu wakasema analijua, na nusu wakasema halijui. Watunzi wenyewe hawakuwa wameliamua! Jambo kubwa kuliko yote katika maisha ya nyumba ile lilikuwa limefichwa katika kishazi kidogo mwishoni mwa sentensi ndefu, baada ya neno “tangu”, na kwa kuwa sentensi ilikuwa safi kisarufi, hakuna aliyeona kwamba hapo pana shimo. Hili ndilo dhara halisi la lugha ya kitabu katika tamthilia. Huumiza sikio, ndiyo, lakini zaidi ya hayo humruhusu mwandishi kupita juu ya jambo asilolifikiri.

Baada ya ubishi mrefu darasa likaamua kwamba mama hajui. Kila asubuhi baba huamka, huchukua chakula chake, na kutoka kana kwamba anakwenda kiwandani. Uamuzi huo ulipokwisha kupatikana, maneno yalianza kujipanga yenyewe. Tulifanya kazi kwa kupitia ukurasa mara tatu, kila mara tukitafuta kitu kimoja tu.

Mara ya kwanza tulifuta kila jambo ambalo msikilizaji aliye jukwaani analijua tayari. Katika swali la mama yalibaki maneno mawili: ziko wapi? Katika jibu la Mafabi yalibaki mambo mawili ambayo mama hayajui, yaani kodi ya nyumba na kazi ya baba. Tukaona kwamba mambo haya mawili si ya kutolewa kwa hiari. Mtoto aliyekatazwa na baba yake hatayataja kwa pumzi moja. Hana budi kuyatoa moja moja, kila moja likivutwa kwa swali.

Mara ya pili tulizungushia mduara kila “ambaye”, “ambazo”, “kwa sababu”, “ili”, “baada ya” na “kwa ajili ya”. Hivi ni viungo vinavyobeba uhusiano wa mawazo katika maandishi. Msemaji anapokuwa na mwenzake mbele yake huviacha vingi kati ya hivyo, akaziweka sentensi mbili fupi sambamba na kumwachia mwenzake aone uhusiano. Kiswahili tena kinacho chombo chepesi kwa kazi hii, nacho ni kiambishi “-ka-”. “Mwenye nyumba alikuja, baba akaniomba.” Hakuna “kwa sababu” hapo, wala “ndipo baada ya hayo”, lakini sababu na mfuatano vyote vimo. Kishazi cha “amba-” nacho mara nyingi huweza kuvunjwa kikawa sentensi yake yenyewe, au kikaondolewa kabisa jina la kitu likiwekwa mbele. “Cherehani yangu, Mafabi!” Maneno haya matatu hayana kitenzi, lakini yamebeba kila kilichokuwa katika kishazi kirefu cha “ambazo nilizipata baada ya kuiuza”, na zaidi yake yamebeba uchungu.

Mara ya tatu tulirudisha vile vidogo ambavyo insha huvitupa: “basi”, “mbona”, “kwani”, “kumbe”, “hebu”, “si”. Hapa tunapenda kuwatahadharisha wenzetu, kwani tuliona wanafunzi wakivinyunyiza kama chumvi. Kila kimoja kina kazi yake. “Mbona” huuliza na kulaumu pamoja. Huonyesha kwamba mwulizaji alitazamia kinyume cha anachokiona. “Kumbe” hutamkwa na mtu aliyegundua jambo sasa hivi, si na anayelijua tangu jana. “Si” ya “si nilikupa mkononi?” humkumbusha msikilizaji jambo ambalo wote wawili wanalijua na hawezi kulikana. Ukiweka “kumbe” mahali pa “mbona” umebadili anachokijua mama. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba kila kineno kitakachoingia lazima mwandishi aeleze kinafanya nini, akishindwa, kinatoka. Mwisho tukabakiza vichache tu.

Matokeo yalikuwa haya:

MAMA: Mafabi. Umeshakwenda benki?

MAFABI: Bado, mama.

MAMA: Leo Ijumaa.

MAFABI: Najua.

MAMA: Basi lete, nikalipe mwenyewe. (Kimya.) Si nilikupa mkononi? Ziko wapi?

MAFABI: Hazipo.

MAMA: Hazipo vipi? Cherehani yangu, Mafabi!

MAFABI: Mwenye nyumba alikuja. Baba akaniomba.

MAMA: Akuombe wewe? Kodi analipa yeye.

MAFABI: Alisema usiambiwe.

MAMA: Nisiambiwe nini? (Kimya.) Anadaiwa miezi mingapi?

MAFABI: Mitatu.

MAMA: Mitatu! Na mshahara? Mtu anatoka hapa kila asubuhi na chakula chake, anakwenda kazini...

MAFABI: Haendi kazini, mama.

Yule msichana alipolisoma mara ya kwanza, alifika kwenye “anakwenda kazini” akanyamaza mwenyewe kabla mwenzake hajajibu. Hakuwa ameelekezwa. Hapo tukajua kwamba sasa maneno yanamsaidia.

Tunaomba msomaji aangalie kwamba maneno yaliyoandikwa upya si ya mtaani. Hakuna kosa la upatanisho ndani yake, na hakuna neno la kigeni isipokuwa “benki”, ambalo ni la Kiswahili siku nyingi. Tunalisema hili kwa sababu kati ya sahihisho la kwanza na la mwisho palikuwa na sahihisho jingine, ambalo karibu litupotoshe. Baadhi ya wanafunzi walipoona kwamba kubadili maneno hakukufaa, waliamua kuivunja sarufi. Mama wao akasema, “Mafabi, pesa mimi nilipatia wewe iko wapi?” Walitetea uandishi huo kwa hoja isiyo dhaifu. Walisema kwamba mwanamke wa Kigisu anayekaa Jinja hasemi kama mtu wa Unguja. Asemapo Kiswahili sokoni husema hivyo, na mwalimu ametaka maneno ya kweli.

Ilitubidi tufikiri sana kabla ya kuwajibu. Hatimaye tuliwauliza: mama huyu anaposema na mwanawe chumbani usiku, anasema lugha gani? Wote wakajibu mara moja: Kigisu. Basi Kiswahili kilicho katika onyesho hili ni badala ya Kigisu. Na katika Kigisu mama huyu si mgeni; anakisema kwa ufasaha wote wa mtu aliyezaliwa nacho, kwa methali zake na mizaha yake. Tukiweka Kiswahili kilichovunjika mahali pa Kigisu kilicho kamili, tutakuwa tumesema uongo juu ya mama huyu, na tutakuwa tumemfanya mjinga mbele ya watu. Kiswahili chake chumbani yapasa kiwe kizima, chepesi na cha mdomo.

Ila mchezo ule una onyesho jingine, ambalo mama anakwenda soko la Jinja kununua samaki kwa Mjaluo. Hawa wawili kweli wanasema Kiswahili, maana hawana lugha nyingine inayowaunganisha. Jinja ni mji uliopata viwanda vingi baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, na watu walikuja kutoka pande nyingi, wengine kutoka Kenya, wakakutana katika makazi ya wafanyakazi kama Walukuba. Kiswahili chao ni cha kazi na cha soko, na kina sheria zake: “iko” hutumika kwa vitu vingi ambavyo kitabu kingevitenga kwa ngeli. Hapo tuliwaruhusu wanafunzi waandike:

MAMA: Ngege iko?

MWUZAJI: Iko, mama. Hii ya leo.

MAMA: Ya leo? Hebu nione macho yake.

Tuliweka kanuni kwamba katika onyesho hilo litatumika badiliko moja tu la sarufi, hiyo “iko”, nalo litatumiwa na wote wawili sawasawa, lisiwe la kumchekesha mmoja. Mwandishi akikusanya makosa yote aliyowahi kuyasikia na kumtwika mhusika mmoja, matokeo si mazungumzo ya kweli bali ni dhihaka. Maelezo ya jukwaani yaliandikwa kwa Kiswahili sanifu, ili mwanafunzi aone kwa macho yake wapi anasema mhusika na wapi anasema mwandishi. Hilo liliondoa pia hofu ya wenzetu waliodai kwamba “iko” ya sokoni itaingia katika insha za mtihani.

Kwa nini vijana wetu hupenda ama kitabu ama uvunjaji, bila kuona njia ya katikati? Tunadhani jibu limo katika historia ya lugha hii nchini Uganda. Wanafunzi wengi hukutana na Kiswahili darasani, katika vitabu vilivyotungwa Tanzania na Kenya, na tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020 idadi yao imeongezeka. Nje ya darasa, kwa wazee wengi Kiswahili kina kumbukumbu ya sauti ya askari, hasa ya miaka ya utawala wa Idi Amin, tangu 1971 hadi 1979. Huku mashariki, karibu na mpaka wa Kenya, biashara imeipunguza kumbukumbu hiyo, lakini haijaifuta. Basi Kiswahili kilichovunjika kinaposikika jukwaani, watazamaji humwona askari. Na kinaposikika kile cha kitabu, humwona mwalimu. Mwanafunzi hukimbilia kitabu kwa sababu anaogopa kumfanya mama awe askari. Hofu hiyo tunaiheshimu. Kazi yetu ni kumwonyesha kwamba mama anaweza kusema Kiswahili na akabaki mama.

Wala si kila lugha ya kitabu ifukuzwe jukwaani. Katika onyesho la mwisho baba anaisoma kwa sauti barua ya kiwanda, inayoanza kwa masikitiko ya kumjulisha kwamba hakuna budi kupunguza wafanyakazi. Barua ile tuliiacha na vishazi vyake vyote virefu, kwa sababu ndivyo barua za namna hiyo zilivyo. Kisha baba, badala ya kumwomba mkewe radhi, anaendelea kusema kwa lugha ileile ya barua: “Kutokana na hali hiyo niliona si vema kuwajulisha.” Mke wake anamtazama tu. Hapo maneno ya kitabu ni ngao ya mtu mwenye aibu, na watazamaji wakaielewa ngao hiyo mara moja, maana walikuwa wamekwisha kusikia jinsi watu wa nyumba ile wanavyosema kwa kawaida. Ukitabu ukiwa kila mahali hauwezi kumwonyesha mtu yeyote. Ukiwa mahali pamoja, huonyesha mengi.

Waandishi wetu wakubwa wa tamthilia wanajua kuzigawa sauti namna hii. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile iliyotolewa mwaka 1969, ana maneno ya utabiri na maono, naye ana pia mazungumzo ya wanawake juu ya taabu ya chakula. Msomaji hawezi kuyachanganya. Mwanafunzi anayeisoma tamthilia hiyo kwa ajili ya maudhui peke yake hulikosa funzo hili. Tungependa walimu wawatake wanafunzi wao watafute katika tamthilia yoyote mhusika ambaye usemi wake hubadilika anapobadilisha msikilizaji, na waeleze nini kilibadilika katika sentensi zake.

Linabaki tatizo moja ambalo tulilikuta Mbale. Onyesho lilifanyika uwanjani mchana, kando ya barabara, watoto wakipita na pikipiki zikinguruma. Maneno mafupi, yaliyosikika vizuri darasani, mengine yalipotea. “Leo Ijumaa” haikusikika kabisa, na watu wa nyuma hawakujua kwa nini mama ana haraka. Sentensi ndefu ya insha ina fadhila hii, kwamba ukikosa nusu yake unapata nusu iliyobaki. Neno moja likikukosa limekukosa. Kundi la maigizo la kusafiri la Makerere, lililoanzishwa mwaka 1965 na kuongozwa na David Cook, lilizunguka Uganda na Kenya likionyesha bila kiingilio, kwa lugha kadha, Kiswahili kikiwa mojawapo, na waigizaji wake bila shaka walipambana na kelele za namna hii mara nyingi.

Dawa tuliyoipata imo katika usemi wenyewe. Watu wanaposhtuka hurudia neno la mwenzao. Mafabi anasema “Mitatu”, na mama anasema “Mitatu!”, anasema “Hazipo”, na mama anasema “Hazipo vipi?” Marudio haya, ambayo insha ingeyafuta kama uzembe, humfikishia mtazamaji wa nyuma neno alilolikosa. Tuligundua kwamba kila habari iliyorudiwa hivyo ilisikika Mbale, na ile isiyorudiwa ilipotea. Kwa hiyo katika nakala ya sasa Mafabi hajibu tena “Najua”. Mama anasema “Leo Ijumaa”, na Mafabi anajibu, “Ijumaa, ndiyo, mama.” Nalo ni jibu la mtoto anayetafuta muda, kwa hiyo tumepata faida mbili kwa neno moja.

Siku ile Mbale hakuna aliyecheka. Mafabi aliposema “Haendi kazini, mama”, uwanja ulinyamaza, hata pikipiki tukazisikia vizuri zaidi. Mwanamke mmoja aliyeketi mbele na mtoto mapajani akasema polepole, kwa Kiswahili, kana kwamba anamjibu jirani yake: “Kumbe.” Tulipokuwa tukirudi Jinja kwa njia ya Tirinyi, wanafunzi walibishana garini kama neno hilo litiwe katika mchezo, kinywani mwa mama. Wengine walisema litiwe, wengine walisema mama ameshtuka mno hata hawezi kulisema. Tuliwaacha wabishane. Walikuwa wakibishana juu ya kile ambacho mama anakijua, na juu ya wakati alipokijua.

Nakala ya sasa haina “kumbe” mahali hapo. Ukurasa una nukta tatu, kisha maneno ya Mafabi, kisha maelezo ya jukwaani: mama anakaa chini, mahali cherehani ilipokuwa.